Warfarini Haigombani na Mchicha, Inagombana na Kigeugeu

Mgonjwa anayeanzishiwa warfarini hutoka kliniki na vidonge, kadi ya kuandikia vipimo na onyo fupi: mboga za majani basi. Wakati mwingine onyo hilo halitoki hata kwa daktari. Hutoka kwa mgonjwa mwenzake waliyekaa naye benchi moja wakisubiri kuitwa, au kwa jirani aliyewahi kuuguza mtu wa moyo. Likishafika nyumbani hugeuka sheria ya jiko. Mchicha unaondolewa, matembele yanaondolewa, kisamvu kinapikwa kwa ajili ya wengine, na mgonjwa anatengewa ugali kwa dagaa au wali kwa maharage.

Onyo hilo limebeba nusu ya ukweli. Mboga za majani zina vitamini K kwa wingi, na vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini. Hilo halina ubishi. Nusu isiyosemwa ni kwamba kipimo cha dawa hupangwa kulingana na chakula ambacho mgonjwa anakula kwa kawaida. Anayekula mchicha kila siku anaweza kupangiwa dozi inayomfaa mtu anayekula mchicha kila siku, na damu yake ikatulia. Anayevuruga mambo ni yule anayekula leo bakuli zima, akaacha wiki mbili, kisha akarudia kwa pupa. Dawa haiwezi kumfuata huko anakokimbilia.

Dawa ya zamani ambayo bado haijapata mrithi

Warfarini ilianza kutumiwa na binadamu mwaka 1954. Leo ziko dawa mpya za kuzuia damu isigande ambazo hazihitaji vipimo vya mara kwa mara wala hazijali mboga, na msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusihamie huko sote tukaachana na habari ya mchicha.

Jibu liko kwenye aina ya ugonjwa wa moyo ulio mwingi kwetu. Afrika Mashariki kuna vijana wengi, hasa wanawake, ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa iliyofuata mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Baadhi yao huwekewa vali za chuma, upasuaji ambao siku hizi unafanyika hata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa mwenye vali ya chuma, dawa mpya hazifai. Jaribio la mojawapo, dabigatrani, lilisimamishwa kabla ya wakati na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013: waliopewa dawa hiyo waliganda damu zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine mkubwa uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hawa walikuwa na ugonjwa wa vali uliotokana na homa hiyo ya utotoni pamoja na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Dawa mpya ya rivaroksabani ilishindwa na dawa za ukoo wa warfarini: waliotumia za zamani walikufa wachache zaidi.

Kwa hiyo kijana wa miaka 25 aliyewekewa vali ya chuma atameza warfarini maisha yake yote. Kumwambia mtu huyo asile mboga za majani ni kumwambia aache kitoweo cha bei nafuu kuliko vyote sokoni, kwa miaka 40 au 50 ijayo. Hataweza. Na kwa kuwa hataweza, ataacha na kurudia, ataacha na kurudia, na hapo ndipo hatari ilipo.

Chupa tupu zisizorudi kiwandani

Ini hutengeneza protini kadhaa zinazofanya damu igande mtu anapojikata. Nne kati ya hizo haziwezi kufanya kazi mpaka zikamilishwe kwa msaada wa vitamini K. Katika kazi hiyo vitamini K hutumika na kuchakaa, lakini mwili hauitupi. Kimeng'enya kimoja huichukua ikiwa imechakaa na kuirudisha katika hali yake ya mwanzo, tayari kutumika tena. Fikiria biashara ya soda za chupa: chupa ikishanywewa hurudishwa kwenye kreti, hupelekwa kiwandani, huoshwa na kujazwa upya. Kwa chupa chache tu mtaa mzima unakunywa mwaka mzima. Ndivyo mwili wa mtu mzima wa afya unavyoweza kujitosheleza kwa mikrogramu 90 hadi 120 za vitamini K kwa siku, kiasi kidogo mno, kwani mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Warfarini inafanya jambo moja tu: inakizuia kile kimeng'enya kinachorudisha chupa tupu. Chupa zikinywewa zinabaki tupu. Ini linaendelea kutengeneza zile protini, ila nyingi zinatoka bila kukamilika na hazigandishi damu vizuri. Dozi inapangwa ili kazi ipungue bila kusimama kabisa.

Sasa angalia kinachofuata. Kama chupa za zamani hazirudi, ini linategemea chupa mpya zinazoletwa kila siku kutoka mezani. Mtu asiyetumia warfarini anaweza kula mboga mara moja kwa wiki na damu yake isijue tofauti, kwa sababu akiba yake inazunguka. Anayetumia warfarini hana mzunguko huo. Akiba yake ni ndogo na huisha kwa siku chache, ndiyo maana damu yake inaujua mlo wa wiki hii kuliko damu ya mtu mwingine yeyote.

Hapo pia ndipo linapofumbuka fumbo ambalo wengi huliona kinyume. Anayekula vitamini K kidogo sana hana usalama. Ana akiba iliyokauka, na chochote kinachoingia au kukosekana kinamtikisa. Kwa mtu anayepata mikrogramu 30 kwa siku, sahani moja ya mchicha ni ongezeko la mara nyingi. Kwa mtu aliyezoea mikrogramu 300, sahani hiyohiyo ni siku ya kawaida tu.

Namba iliyo kwenye kadi

Nguvu ya warfarini hupimwa kwa damu, na jibu lake ni namba inayoitwa INR. Asiyetumia dawa ana INR ya 1 hivi. Namba ikipanda, damu inachelewa kuganda. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Mwenye vali ya chuma upande wa kushoto wa moyo, ile iliyo kati ya vyumba viwili vinavyopokea damu kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini, hutakiwa awe juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo bonge la damu linaweza kujijenga kwenye vali na kuifanya ikwame, au kukatika na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Ikipanda mno, hasa kuanzia 5 kwenda juu, hatari ya kuvuja damu inakua haraka.

Jambo la kujua kuhusu namba hii ni kwamba inachelewa. Protini za kugandisha damu ambazo zilishakamilishwa hazifi mara moja. Moja huisha kwa saa chache, nyingine hukaa siku mbili au tatu. Dawa yenyewe hukaa mwilini siku kadhaa. Kwa hiyo INR ya leo asubuhi haisemi habari ya chakula cha jana usiku peke yake. Inasimulia siku kadhaa zilizopita: vidonge vilivyomezwa, vilivyosahauliwa, na mboga zilizoliwa au kuachwa. Mgonjwa anayeacha mboga siku mbili kabla ya kliniki "ili kipimo kitoke vizuri" anajidanganya mwenyewe na kumdanganya daktari.

Kadi moja, mistari mitano

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Ni mama wa miaka 38, ana vali ya chuma upande wa kushoto, anatumia vidonge vya miligramu 5. Anameza kidonge kimoja kila jioni, isipokuwa Jumanne na Jumamosi anapomeza kimoja na nusu. Jumla ni miligramu 40 kwa wiki. Nyumbani kwake mchicha au matembele hupikwa karibu kila siku, na miezi yake mitatu ya mwanzo INR inatoka 2.9, kisha 3.1, kisha 2.9 tena. Hali nzuri kabisa.

Siku moja kwenye benchi anasikia kwamba mboga za majani zinaua dawa. Anaogopa, anaziacha zote. Wiki mbili baadaye INR ni 4.2. Daktari anamuuliza, "Mama, umeongeza vidonge?" Anajibu kweli kabisa, "Hapana, daktari, nameza vilevile." Hakuna anayeuliza habari ya sahani. Dozi inapunguzwa iwe kidonge kimoja kila siku, yaani miligramu 35 kwa wiki. Kipimo kinachofuata ni 3.0, na kila mtu anaridhika. Lakini angalia kilichotokea: dozi imeshonwa ikamfaa mtu asiyekula mboga, naye si mtu wa namna hiyo. Ni mla mboga aliyejizuia kwa muda.

Mwezi wa nne masika yanakolea. Anasafiri kwenda kijijini kwenye msiba na kukaa wiki tatu. Kule mchicha umejaa kila shamba, kisamvu kinapikwa kwenye sufuria kubwa, na mgeni hachagui kitoweo. Anakula mboga mchana na usiku. Akirudi, INR ni 1.7. Hii ndiyo namba ya kutisha kuliko zote kwenye kadi yake, kwa sababu kwa mwenye vali ya chuma bonge la damu halipigi hodi. Daktari anarudisha dozi miligramu 40. Mama amerudi mjini, anakumbuka onyo, anaacha mboga tena. INR inapanda 4.4.

Sasa isome kadi hiyo kama angeisoma mtu asiyemjua: 2.9, 4.2, 3.0, 1.7, 4.4. Atasema huyu hamezi dawa vizuri. Wagonjwa wengi wameshakaripiwa hivyo ilhali hawajaruka kidonge hata kimoja.

Kinachomaliza mzunguko huo ni swali moja la muuguzi: "Mama, mboga unakula vipi wiki hizi?" Likishajibiwa, mpango unageuzwa. Badala ya kumtafutia dozi ya mtu asiyekula mboga, wanakubaliana kwanza juu ya mboga. Atakula vijiko vinne vya chakula vya mboga ya majani iliyopikwa kila mchana, awe mjini awe kijijini, kiangazi au masika. Kisha dozi inatafutwa ifuate mlo huo. Kwa kupimwa kila wiki wanafika miligramu 37.5: kidonge kimoja siku sita, kimoja na nusu siku moja. INR zinazofuata ni 2.6, 2.9 na 3.0, na baada ya hapo anaweza kupimwa mara moja kwa mwezi.

Dozi hizo ni zake yeye. Mwingine mwenye uzito uleule na mlo uleule anaweza kuhitaji nusu yake au mara mbili yake, kwa sababu kimeng'enya kinachozuiwa na warfarini hutofautiana kati ya mtu na mtu tangu kuzaliwa. Kinachofaa kuigwa hapa ni utaratibu: mlo kwanza uwe mmoja, kisha dozi iufuate.

Waliopima wameona nini

Mwaka 2005 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walilinganisha wagonjwa wa warfarini ambao INR zao zilitulia na wengine ambao zilikuwa zikipanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Wangekuwa wanaamini lile onyo la benchini, wangetegemea kukuta wale wa pili ndio wala mboga wakubwa. Walikuta kinyume chake. Waliotulia walikuwa wakipata wastani wa mikrogramu 76 za vitamini K kwa siku, na waliokuwa wakiyumba walikuwa wakipata 29 tu.

Miaka miwili baadaye watafiti haohao walichukua wagonjwa 70 waliokuwa wakiyumba, wakawagawa makundi mawili, na kwa miezi 6 wakawapa nusu yao mikrogramu 150 za vitamini K kila siku pamoja na warfarini yao. Dozi za warfarini zilibidi ziongezwe kidogo, kama inavyotarajiwa, lakini waliopewa vitamini walitulia zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Hata hivyo hii haina maana kwamba kila mgonjwa akanunue vitamini K dukani. Majaribio mengine yaliyofuata hayakupata faida kubwa kiasi hicho, na mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2012 ulishauri isitolewe kwa kila mtu. Funzo la Newcastle ni dogo na la uhakika zaidi: kuwa na vitamini K mwilini hakumzuii mtu kutulia, na kuikosa hakumsaidii.

Je, ni mabadiliko ya ukubwa gani yanayoanza kuonekana kwenye kipimo? Watafiti wa Uholanzi walilipima jambo hilo mwaka 2004 kwa kuwapa watu wenye afya dawa ya ukoo wa warfarini, kisha kuwaongezea vitamini K ya vidonge kidogo kidogo kila wiki. Mikrogramu 100 za nyongeza kwa siku hazikuishusha INR kwa kiasi cha kujali. Kuanzia 150 ndipo iliposhuka waziwazi. Ina maana tofauti ndogo ndogo za kila siku, kama nyanya kuwa nyingi leo au kipande cha parachichi, hazina uzito. Kinachotikisa ni mtu kuruka kutoka sahani isiyo na jani hadi sahani iliyojaa majani, na kubaki huko siku kadhaa.

Sahani yetu ina nini

Gramu 100 za mchicha mbichi zina zaidi ya mikrogramu 1,000 za vitamini K. Spinachi iliyopikwa, nusu kikombe tu, ina 440 hivi. Sukuma wiki iliyopikwa kwa kiasi hicho huhesabiwa kwa mamia. Matembele mabichi yana kama 300 kwa gramu 100. Kabichi iliyopikwa, nusu kikombe, inashuka hadi 80 hivi. Bamia ina kidogo, na parachichi kidogo zaidi. Ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo, samaki na nyama vina kiasi kisichofaa hata kuhesabiwa.

Kwa hiyo mgonjwa hana haja ya kutembea na orodha ndefu. Vitamini K ya sahani ya kwetu inakaa karibu yote sehemu moja, kwenye majani ya kijani kibichi. Akidhibiti hapo amedhibiti karibu kila kitu.

Moto hauiharibu vitamini hii, lakini unaficha wingi wake. Mafungu matatu ya mchicha yanajaza sinia yakiwa mabichi. Yakikaa kwenye sufuria dakika tano yanabaki kiganja. Ndiyo maana kipimo kichukuliwe baada ya kupika, kwa kijiko kilekile na bakuli lilelile. Vilevile vitamini K huyeyuka kwenye mafuta, na utumbo huinyonya vizuri zaidi ikija na mafuta. Mchicha wa nazi unaingiza zaidi mwilini kuliko mchicha uliochemshwa mtupu, ingawa majani ni yaleyale. Aliyezoea nazi aendelee na nazi. Asiyezoea asianze kwa ghafla bila kusema kliniki. Hata mafuta ya kupikia yanatofautiana: ya soya yana vitamini K kiasi cha kutosha, ya alizeti na ya mawese yana kidogo.

Kinachohitaji tahadhari ya pekee ni majani makavu yaliyosagwa. Jani likikaushwa maji yanaondoka na vilivyobaki vinakusanyika, kwa hiyo vijiko viwili vya unga wa mlonge kwenye uji vinaweza kubeba majani mengi kuliko mtu angeweza kutafuna kwa mlo mmoja. Wengi huuanza kama dawa ya kuongeza nguvu na hawauhesabu kuwa mboga. Uhesabiwe.

Kupanga kiasi kisichoyumba

Kosa la kwanza katika kupanga ni kuchagua kiasi cha msimu wa neema. Mboga zikishuka bei mtu anajiwekea bakuli kubwa, kiangazi kikija anashindwa. Achague kiasi anachoweza kukipata mwezi wa Septemba vilevile kama mwezi wa Aprili. Kidogo kila siku ni bora kuliko kingi mara mbili kwa wiki, maana akiba inabaki sawa. Familia isiyoweza kupika majani kila siku ipange siku maalumu, kwa mfano Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, na isizihamehame.

Kubadilisha jani kwa jani kunaruhusiwa. Leo mchicha, kesho kisamvu, keshokutwa majani ya maboga: hazilingani kabisa, lakini zote ni majani ya kijani, na kijiko kibaki kilekile. Ambacho hakilingani ni kubadilisha mchicha kwa maharage, au mchicha kwa kachumbari.

Yako majira ambayo mlo hubadilika hata kwa mtu mwangalifu. Ramadhani ni mojawapo: pwani futari huwa mihogo, magimbi, tambi, kunde na uji, na mboga za majani zinaweza kupotea mezani mwezi mzima. Wiki ya Idi nayo ni pilau na nyama. Kwaresima inaweza kuleta kinyume, nyama ikitoka na mboga zikiingia. Safari ndefu, msiba, kuhamia bweni, kuanza kupunguza uzito kwa kula saladi, au wiki ya homa na kutapika ambapo hakuna kinachopita kooni, yote hayo ni mabadiliko ya mlo. Dawa ya hapo ni kuwaambia kliniki mapema na kupima INR kiasi cha wiki moja baada ya mlo kubadilika. Asijikatie kidonge wala kujiongezea.

Ni vizuri pia kuwa mwadilifu kwa mboga, isisingiziwe kila kosa. INR ikipanda ghafla kwa mtu ambaye mlo wake haukubadilika, ulizia kwanza dawa nyingine. Flajili na septrini, ambazo watu hununua dukani kama peremende, huipandisha sana. Dawa ya fangasi ya flukonazoli vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha kwa nguvu, hata dozi ikahitaji kuongezwa mara mbili au zaidi, na ikimalizika dozi lazima ishushwe tena. Aspirini na diklofenaki zinaweza kuiacha namba ilivyo na bado zikaleta kuvuja damu tumboni. Mboga ikiwa imetulia, mhalifu mwingine anaonekana upesi. Mboga ikiwa inayumba, haijulikani nani amefanya nini.

Mgonjwa akiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokatika, hedhi nzito kuliko kawaida, au kichwa kikali baada ya kujigonga, aende hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye vali ya chuma anazo ishara za upande wa pili. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ni dalili za bonge kufika kwenye ubongo. Tena wengi wao husikia vali yao ikilia tiki tiki nyumba ikiwa kimya. Mlio huo ukififia au kupotea, pamoja na pumzi kubana, asisubiri asubuhi.

Kwa wahudumu wa kliniki ombi ni dogo. Kabla ya kugusa dozi kwa sababu ya INR isiyoeleweka, mwulizeni mgonjwa amekula mboga mara ngapi wiki iliyopita na kwa kijiko gani, na jibu liandikwe kwenye kadi karibu na namba. Kwa mgonjwa mwenyewe: kama umeshaacha mboga kwa hofu, usizirudishe kesho kwa mkupuo. Nenda kliniki, sema unataka kuzila, chagueni kiasi pamoja, upimwe kila wiki mpaka dozi ikae sawa. Kisha kula, na kiasi hicho usikibadilishe.